Kazi ya kwanza ya usalama wa mtandao ukiwa Mombasa, tangazo linapodai uzoefu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na vijana waliomaliza chuo au kozi fupi, wakaketi Tudor, Likoni au Mtwapa na kufungua matangazo ya kazi, kisha wakakuta kila moja linataka miaka 2 au 3 ya uzoefu. Majibu yanahusu kazi moja tu, ile ambayo matangazo huiandika SOC Analyst. Ni mchambuzi wa zamu: anakaa mbele ya skrini, anasoma tahadhari zinazotoka kwenye mifumo ya kampuni, anaamua ipi ni ya kweli na ipi ni kelele, kisha anaandika alichokiona na kukipeleka kwa aliye juu yake. Wengi wetu tulio kwenye fani hii tuliingilia hapo.

Tangazo linadai miaka 2. Niombe au niliache?

Ruka sehemu ya masharti kwanza, nenda kwenye majukumu. Ukiona kazi ni kufuatilia tahadhari, kupanga matukio kwa uzito wake, kuandika ripoti za zamu na kupeleka mbele yaliyokushinda, hiyo ni kazi ya mtu anayeanza hata kama juu wameandika miaka 2. Omba. Ukiona kazi ni kubuni mfumo mzima wa ulinzi, kuandika sera za kampuni au kuongoza timu, hapo miaka inayodaiwa ina maana yake. Usijipotezee muda, wala usimwombe mtu akupendekeze kwa nafasi hiyo.

Kuna alama moja inayosaidia kusoma matangazo. Cheti cha CISSP, kinachotolewa na shirika la ISC2, hakipatikani kikamilifu bila miaka 5 ya kazi, na hata mwenye shahada hupunguziwa mwaka 1 tu. Kwa hiyo tangazo la mchambuzi wa zamu linalotaka CISSP pamoja na miaka 2 ya uzoefu limenakiliwa kutoka tangazo lingine, na aliyeliandika huenda si yule atakayefanya kazi na wewe. Tangazo kama hilo ndilo linalohitaji uulize mtu wa ndani wanamtafuta nani hasa. Cheti cha CC cha shirika hilo hilo la ISC2, kwa upande mwingine, hakina sharti la uzoefu, na ni kitu ambacho anayeanza anaweza kukiweka kwenye wasifu wake bila maswali.

Kama wanaweza kumchukua asiye na uzoefu, mbona wanauandika?

Kwa sababu ya hofu ambayo ni ya haki kabisa. Mchambuzi wa zamu ya usiku mara nyingi yuko peke yake. Tahadhari ikilia saa nane usiku, ataipuuza? Atawaamsha watu 5 kwa jambo la bure? Ataandika kitu kinachoeleweka asubuhi? Meneja hana njia rahisi ya kujua hayo kwa kutazama wasifu, basi anaandika idadi ya miaka.

Kinachoweza kukaa mahali pa miaka hiyo ni mtu ambaye meneja anamwamini akisema, "Huyu nimesoma kazi yake. Anahesabu vizuri, na asipojua anasema hajui." Nimekaa kwenye majopo ya mahojiano na nimeona sentensi ya namna hiyo ikisogeza wasifu kutoka chini ya rundo hadi juu. Haimpi mtu kazi, ila inahakikisha amesomwa. Kwa hiyo shabaha yako kwenye makundi, kwa washauri na kwenye LinkedIn ni moja: kazi yako ionwe na mtu ambaye siku moja ataulizwa, "Unamjua mtu?"

Mimi simjui yeyote kwenye fani hii. Kwetu ni wavuvi na wafanyabiashara.

Hilo si pengo kubwa unavyodhani. Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alichapisha matokeo ya kuwauliza watu waliopata kazi kupitia mtu fulani walikuwa wakionana naye mara ngapi. Wachache tu, kama 17 katika kila 100, walisema walikuwa wakionana naye mara kwa mara. Zaidi ya nusu walisema ni mtu wa kuonana naye mara moja moja, na waliobaki walisema ni nadra. Sababu ni nyepesi: rafiki wa karibu anajua yale unayoyajua wewe, na nafasi anazozisikia ni zile umeshazisikia. Mtu mliyejibizana mara 4 kwenye kundi, anayefanya kazi benki ya Nairobi, anasikia mambo yasiyofika mtaani kwenu.

Usianze basi kutafuta mtu mkubwa wa kukushika mkono. Tafuta watu kadhaa wanaokujua kidogo, lakini wanachokijua juu yako kiwe kazi.

Makundi ni mengi. Nijiunge na yapi?

Machache. Mtu aliye kwenye makundi 15 hasomi hata moja, na hakuna anayelikumbuka jina lake.

Kwa hapa Kenya, AfricaHackon na tawi la Kenya la ISACA ni pa kuanzia, na kwa wanawake kuna SheHacks. Mkutano wa BSides Nairobi huwaleta pamoja watu wanaofanya kazi zenyewe, si wauzaji pekee. Nje ya nchi, chagua jamii moja ya chombo unachokitumia kweli. Ukijifunza Wazuh, mfumo wa bure wa kukusanya kumbukumbu za mashine na kutoa tahadhari, ingia kwenye jamii ya watumiaji wake. Ukifanya mazoezi ya TryHackMe, ingia kwenye Discord yao. Mimi napendelea jamii za chombo kuliko makundi ya "usalama" kwa jumla, kwa sababu maswali yake ni ya kazi na jibu zuri linaonekana mara moja kuwa zuri.

Ana kwa ana, Mombasa ina Swahilipot Hub kule karibu na Fort Jesus, na kuna mikusanyiko ya wanafunzi wa TUM. Tena makongamano mengi ya kitaifa huja kufanyiwa kwenye hoteli za Nyali, Shanzu na Diani. Tiketi ni ghali, lakini waandaaji wanahitaji watu wa kusajili wageni na kusaidia ukumbini. Andika wiki kadhaa mapema ujitolee. Anayegawa beji mlangoni huonana na kila mgeni, na chai ya saa nne hainywi peke yake.

Niende na kitu gani? Sijawahi kuajiriwa, sina kazi ya kuonyesha.

Hili ndilo swali lenyewe, kwa hiyo nitalijibu kwa mfano mrefu.

Tuchukue binti wa Likoni aliyemaliza diploma ya kompyuta. Ana kipakatalishi cha memori ya GB 8. Alitaka kusimika Wazuh yote kwenye mashine moja, akakuta maelekezo yao yanapendekeza GB 8 kwa seva hiyo peke yake. Basi anaiacha kwa sasa, anakodi seva pepe ndogo ya Ubuntu kwa bei ya dola chache kwa mwezi. Anaiwekea nywila ndefu isiyokisika, haweki ndani yake kitu chochote cha thamani, anaacha mlango wa SSH wazi kwa wiki moja, kisha anasoma kwenye kumbukumbu za seva, yaani logi, nani amebisha hodi:

```
sudo grep -s "Failed password" /var/log/auth.log.1 /var/log/auth.log | grep -oE "from [0-9.]+" | sort | uniq -c | sort -nr | head
```

Amri hiyo inampa orodha ya anwani na idadi ya majaribio yaliyoshindikana, iliyo juu kabisa ikiwa yenye mengi. Mara ya kwanza haikumpa chochote. Seva nyingi za kukodi huja zimezima kuingia kwa nywila na kukubali ufunguo peke yake, na hapo mistari ya "Failed password" haiandikwi. Ilimbidi akague mpangilio wa SSH kwanza. Hilo nalo analiandika, kwa sababu msomaji mjuzi hujiuliza hapo hapo.

Ripoti yake ni ukurasa mmoja. Inasema alichokiona, alivyohesabu, na kama kuna aliyefaulu kuingia. Sehemu hiyo ya mwisho wanaoanza huisahau, wakafurahia wingi wa majaribio bila kutafuta neno "Accepted" kwenye kumbukumbu zile zile. Majaribio 10,000 yaliyoshindwa ni kelele ya kawaida ya intaneti. Jaribio 1 lililofaulu ni tukio. Anataja pia kwamba seva inaandika saa za UTC, kwa hiyo 23:00 kwenye kumbukumbu ni saa nane usiku hapa Mombasa. Mwisho anaandika asilokuwa na hakika nalo.

Anaiweka GitHub, kisha analeta kiungo kwenye kundi na swali moja: "Nimehesabu majaribio kwa njia hii. Kuna kitu kinachoweza kuifanya hesabu yangu isiwe ya kweli?"

Swali hilo ndilo linalofungua mlango. Angeandika "Naombeni maoni," pengine angepata vidole gumba vitatu. Lakini mtu wa kazi akiulizwa hesabu inaweza kukosea wapi hawezi kupita bila kujibu. Mmoja, mchambuzi wa Nairobi, anamwandikia atafute mistari ya namna hii:

```
Failed password for root from 203.0.113.7 port 52144 ssh2
message repeated 2 times: [ Failed password for root from 203.0.113.7 port 52144 ssh2]
```

Mfumo wa kumbukumbu ukiona mstari ule ule unajirudia, huukunja kuwa mmoja na kuandika umerudiwa mara ngapi. Hapo juu kuna majaribio 3, lakini amri yake imehesabu mistari 2. Kwa anwani inayobisha haraka haraka, hesabu yake iko chini ya ukweli kwa kiasi kikubwa.

Sasa angalia anachofanya. Hasemi "asante" akaondoka. Anarudi siku ya pili na hesabu mpya, anaonyesha anwani ipi imepanda kwenye orodha baada ya kusahihisha, anaacha ile ya zamani ionekane kando yake, na anamtaja aliyemwelekeza kwa jina analotumia kundini. Mchambuzi yule ameona mambo ambayo wasifu haumwonyeshi: binti anasoma kumbukumbu mwenyewe, akisahihishwa hakasiriki, na kazi anaimaliza. Miezi michache baadaye timu yake ikitafuta mtu wa zamu, jina la binti lipo kichwani mwake bila yeye kuombwa.

Kama huna hata dola hizo chache, tumia mashine pepe mbili ndani ya kipakatalishi chako, moja ibishe hodi kwa nyingine. Kumbukumbu zitakuwa ni zile zile. Sema tu wazi kwamba majaribio umeyatengeneza mwenyewe.

Je, nijaribu kutafuta mianya kwenye tovuti ya hoteli au sacco ya hapa mjini, niwaonyeshe ninachoweza?

Usifanye. Sheria ya Kenya ya matumizi mabaya ya kompyuta na uhalifu wa mtandao, ya mwaka 2018, inaadhibu kuingia kwenye mfumo bila idhini kwa faini ya hadi shilingi milioni 5 au kifungo cha hadi miaka 3, au vyote viwili. Nia njema haikupi idhini. Na kwa upande wa kazi ni vibaya zaidi: meneja akiona umegusa mfumo wa mtu bila ruhusa, anajua utagusa na wa kwake.

Ukitaka kujaribu mifumo halisi, kuna makampuni yanayotangaza hadharani kwamba yanaruhusu, na yanaandika mipaka yake. Soma mipaka hiyo yote kabla ya kugusa. Ila kwa kazi ya zamu tunayoizungumzia, ripoti ya kumbukumbu kama ile ya binti wa Likoni ina uzito zaidi, kwa sababu inafanana na kazi yenyewe.

Nitampataje mshauri?

Usimwombe mtu awe mshauri wako. Ni ombi kubwa lisilo na mwisho, na mtu mwenye shughuli ataogopa hata kulijibu. Mwulize swali moja analoweza kulijibu kwa dakika 5, ulifanyie kazi jibu lake, umrudishie matokeo. Ukifanya hivyo mara tatu au nne, ushauri umeshaanza, hata kama hakuna aliyeutaja kwa jina hilo.

Ujumbe unaokaa bila kujibiwa ni kama huu: "Habari. Mimi ni mhitimu na nina ari ya kujifunza. Naomba uwe mshauri wangu na kama kuna nafasi popote tafadhali nikumbuke." Hauna swali, na anayeupokea hajui aanzie wapi.

Huu hujibiwa: "Habari za kazi, dada. Nimesoma ulichoandika kuhusu tahadhari za uongo. Kwenye seva yangu ya mazoezi napata tahadhari nyingi kila ninapoingia mwenyewe. Wewe ungeinyamazisha sheria nzima inayotoa tahadhari hizo, au ungeondoa anwani yako peke yake? Mimi nimeelekea kwenye hilo la pili, kwa sababu la kwanza lingenifichia na wengine." Una swali moja, lina chaguo mbili, na limeonyesha umeshafikiri. Anaweza kulijibu akiwa kwenye foleni ya feri.

Ukipata nafasi ya kukutana au kupigiana simu, omba dakika 20 na uzimalize zikiisha. Njoo na kitu kimoja cha kutazamwa, kwa mfano ripoti yako au wasifu wako pamoja na tangazo moja halisi. Kuhusu heshima, fuata ada za hapa: kama ni mtu mzima wa mjini, salamu kwanza na hali ya nyumbani, kisha swali. Wa Nairobi kwenye LinkedIn hatakuona mkosefu ukifupisha salamu, lakini hakuna aliyewahi kuchukizwa na salamu.

Kupendekezwa si ndiko kule kujuana tunakokulalamikia kila siku?

Swali hili nalipenda, na sitaki kulipita juu juu. Kujuana kunakoumiza ni pale mtu anapewa nafasi kwa kuwa ni mtoto wa fulani, na kazi yake haijaonwa na yeyote. Ninachokieleza hapa ni mtu kusema alichokiona kwa macho yake, kisha wewe ukapita mahojiano yale yale kama wengine. Akisema uongo, jina lake ndilo linaloharibika kwa meneja wake. Ndiyo maana mtu wa maana hakupendekezi bila kuona kazi yako, na usimkasirikie akikataa.

Kuna mpaka ambao lazima uujue. Nafasi za umma, ziwe za kaunti, za wizara au za mashirika ya serikali, hutangazwa na onyo kwamba atakayetafuta kupigiwa debe ataondolewa. Hapo usimwombe mtu wa ndani akusemee, hata kwa wema. Unaloweza kumwuliza ni mambo ambayo angemwambia yeyote: kazi hiyo kwa siku inahusu nini, mifumo gani hutumika, mahojiano ya namna hiyo huwa na mtihani au mazungumzo. Mapendekezo ni ya kampuni binafsi, na nyingi zina njia rasmi ya mfanyakazi kuwasilisha jina.

Tangazo limetoka kwenye kampuni anakofanya kazi mtu ninayejibizana naye. Nimwambieje?

Mwandikie siku hiyo hiyo au kesho yake. Ukingoja wiki, orodha ya wa kuhojiwa inaweza kuwa imeshafungwa. Usimtake akupendekeze kwa sentensi ya kwanza; mpe nafasi ya kukataa bila aibu. Kitu kama hiki:

"Habari, kaka. Nimeona timu yenu inatafuta mchambuzi wa zamu, na ninaomba. Tangazo linataka miaka 2, mimi sina, ila majukumu manne kati ya matano nimeyafanya kwenye mazoezi yangu, na kazi ni ile uliyoisoma. Kwa ulivyoniona, unadhani ninafaa, au bado? Kama unaona ninafaa na kuna njia ya kuliwasilisha jina langu, nimeambatisha wasifu na mistari mitatu unayoweza kuitumia."

Mistari hiyo mitatu ndiyo watu huisahau. Mtu mwenye kazi hana muda wa kukutungia sifa. Mwandikie mambo ambayo yeye mwenyewe ameyaona, si sifa: amechambua kumbukumbu za SSH za wiki nzima na kuchapisha ripoti, alisahihishwa hesabu akairudia siku ya pili, hujibu maswali ya wanaoanza kwenye kundi fulani. Usimtie mdomoni neno "mahiri" kama hajawahi kuliona.

Kisha omba kwa njia ya kawaida pia, kwenye tovuti yao, hata kama amesema amelipeleka jina. Afisa wa wafanyakazi asipokukuta kwenye mfumo wake, mara nyingi mapendekezo yanaishia hapo.

Lazima nihamie Nairobi?

Kwa kazi ya zamu yenyewe, jiandae kwa uwezekano huo. Timu nyingi za ufuatiliaji za benki, kampuni za simu na watoa huduma ziko huko, na mwanzoni hupenda mtu akae ofisini, hasa zamu za usiku. Mwulize mtu wa ndani kabla hujaomba kama wanaruhusu kufanya kazi ukiwa mbali baada ya miezi ya majaribio, na kama wana usafiri wa usiku. Hayo hayaandikwi kwenye tangazo.

Nimepewa kazi ya afisa wa ICT kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Niichukue, au nitasahaulika huko?

Ichukue. Mombasa kazi nyingi za usalama zimejificha ndani ya kazi kama hiyo. Kampuni za kutoa mizigo zinaishi kwa barua pepe na ankara, na wezi wanalijua hilo. Wanaingia kwenye sanduku la barua la mhasibu, wanasubiri ankara kubwa, kisha wanatuma ujumbe unaosema nambari ya akaunti imebadilika. Ukiwa afisa wa ICT hapo, unaweza kuwasha uthibitisho wa hatua mbili kwa kila mtu, ukakagua kama kuna sheria za kusambaza barua kwenda nje ambazo mwenyewe hakuziweka, na ukafunga akaunti za walioacha kazi siku wanayoondoka. Sheria za kusambaza barua hasa ndizo alama ambayo mtu wa usalama atakuuliza kama uliitafuta.

Hiyo ni kazi ya usalama, na baada ya mwaka ni mwaka wa uzoefu ambao hakuna atakayekubishia. Iandike hivyo kwenye wasifu: ulichofanya, kwa watu wangapi, kikabadilisha nini. Lakini usiweke hadharani kumbukumbu za mwajiri, picha za skrini zake wala majina ya wateja. Sheria ya kulinda data ya mwaka 2019 inakuhusu, na kundi la WhatsApp ni hadharani. Ukitaka kuuliza swali kundini kuhusu tukio la kazini, lijenge upya kwenye mashine yako ya mazoezi ukitumia majina ya kubuni, ndipo uulize.

Kuna mtu kwenye kundi anasema ana nafasi, nitume pesa ya "kufungua faili". Mwingine anauza ushauri wa kila mwezi.

Huyo wa kwanza ni mwizi, hakuna la kujadili. Anayeajiri halipwi na anayeajiriwa. Mjulishe msimamizi wa kundi na uhifadhi nambari na ujumbe kabla hajaufuta.

Kwa wa pili, pima anachouza. Mafunzo yenye ratiba na mazoezi ni biashara halali, yanaweza kukufaa. Anayeuza "kukuunganisha na mameneja" anauza kitu ambacho hana haki ya kukiuza. Na yupo wa aina ya tatu, hatari kuliko hao: anakupa "zoezi" ambalo kwa kweli ni tovuti ya mtu. Kabla ya zoezi lolote, uliza mfumo huo ni wa nani na idhini imeandikwa wapi. Asipojibu kwa maandishi, toka.

Nimeitwa kwenye mahojiano kwa sababu ya aliyenipendekeza. Nijiandaeje?

Jua kwamba kazi yake imekwisha pale ulipoitwa. Mwulize tu mahojiano yana sehemu ngapi na kama kuna zoezi la vitendo; akisita kusema, usimsukume.

Rudia ripoti yako mwenyewe mpaka uweze kuieleza bila karatasi, kwa sababu ndiyo watakayoichimba. Kwa nini ulihesabu hivi? Ungejuaje kama mmoja wao ameingia? Anwani ile ingeonekana kwenye mtandao wa kampuni yetu, ungefanya nini kwanza? Kwa swali hilo la mwisho, wengi hukimbilia "ningeifunga." Jibu la mchambuzi ni kutazama kwanza kama kuna lililofaulu, kwenye akaunti ipi na saa ngapi, kisha kuuliza anwani hiyo ni ya nani, maana inaweza kuwa ya mfanyakazi mwenzao aliye safarini aliyesahau nywila.

Nikikosa nafasi hiyo, nimwambie nini aliyenipendekeza?

Mwambie siku ile ile upatapo habari, kabla hajasikia kwa wengine. Mshukuru, na usimlaumu yeyote kwenye jopo. Kisha mwulize jambo moja: kama anaweza kujua ni wapi ulipungua, ili ulifanyie kazi. Mara nyingi jibu ni dogo na linatajika: ulisita kwenye maswali ya mitandao, au hukujua kusoma kichwa cha barua pepe. Lifanyie kazi hilo, uandike ripoti nyingine fupi juu yake, umtumie kiungo. Timu za zamu hupoteza watu mara kwa mara kwa sababu ya uchovu wa usiku, na nafasi ile ile inaweza kufunguliwa tena kabla mwaka haujaisha.